Siku ya Kwanza au Wiki ya Nne: Namna ya Kujua Kama Programu ya Simu Inabaki na Watu Wake

Taarifa mbili kuhusu programu moja ya simu zinaweza kutoka wiki moja, ya kwanza ikisema asilimia 33 ya watumiaji wapya hurudi, ya pili ikisema ni asilimia 9 tu, na zote mbili zikawa za kweli. Msimamizi wa bidhaa anashika ya kwanza, mhasibu anashika ya pili, na mwekezaji anabaki akijiuliza nani anamficha jambo. Mara nyingi hakuna anayeficha. Mmoja amehesabu waliorudi kesho yake, mwingine amehesabu waliokuwapo wiki ya nne, na hakuna aliyeeleza amehesabu nini. Idadi ya waliopakua haiwezi kuwaamua, kwa kuwa idadi hiyo hupanda tu: aliyepakua jana akafuta leo bado yumo ndani yake.

Uchambuzi huu unapima vipimo hivyo viwili, siku ya kwanza na wiki ya nne, na madai ya wanaovitetea. Hoja yangu ni kwamba hukumu ya kama programu inabaki na watu wake hutolewa na wiki ya nne pamoja na wiki zinazofuata, na kwamba kazi ya siku ya kwanza ni kuonyesha tatizo lilipo. Hata hivyo wiki ya nne haistahili uzito huo mpaka ijulikane nani amehesabiwa, amekuja kwa njia gani na amefanya nini.

Rika na namna linavyohesabiwa

Rika, katika hesabu hizi, ni watu wote waliofungua programu kwa mara ya kwanza katika siku moja au wiki moja. Siku ya kuanza ni siku sifuri, na kesho yake ndiyo siku ya kwanza. Marika yakipangwa kwenye jedwali, kila rika na mstari wake, umbo linalotokea ni la pembetatu: marika ya zamani yana mistari mirefu, mapya yana mifupi kwa sababu siku zao bado hazijafika. Faida ya jedwali hili ni kwamba halichanganyi wapya na wa zamani. Jumla ya watumiaji wa mwezi inaweza kupanda mwezi baada ya mwezi huku kila rika likiyeyuka hadi kuisha, mradi matangazo yanaleta wapya wengi kuliko wanaoondoka. Jumla huficha hali hiyo mpaka siku bajeti ya matangazo itakapokatwa. Jedwali la marika huionyesha mapema.

Tatizo linaanza kwenye neno "kurudi". Njia kali huhesabu aliyefungua programu siku ileile inayotajwa na si nyingine. Njia ya pili huhesabu aliyeonekana angalau mara moja ndani ya kipindi, kwa mfano kati ya siku ya 22 na ya 28. Njia ya tatu huhesabu aliyerudi siku hiyo au siku yoyote baada yake. Hii ya tatu hutoa namba kubwa na ina mtego ambao wengi hawauoni: rika la zamani limepata miezi mingi ya kurudi, rika jipya limepata siku chache, kwa hiyo marika mapya yataonekana mabaya kila wakati hata kama hakuna kilichobadilika. Isitoshe, namba ya rika lilelile itazidi kupanda kila ripoti inapochapishwa upya.

Hata kalenda ina hila zake. Vifaa vingine huita siku saba za mwanzo wiki sifuri, vingine huziita wiki ya kwanza, hivyo "wiki ya nne" ya huku ni wiki ya tatu ya kule. Saa nazo huleta matatizo. Seva inayofuata saa za dunia, yaani UTC, hubadili tarehe saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na hapo hasara ni ndogo kwa sababu watu wamelala. Lakini mradi ulioachwa kwenye saa za Los Angeles hubadili tarehe saa nne au saa tano asubuhi kwetu, kutegemea majira. Mtu wa Mwanza aliyefungua programu saa tatu asubuhi, akaifungua tena saa sita mchana siku hiyohiyo, atahesabiwa kuwa amerudi siku ya kwanza. Namba inayozaliwa hivyo haipimi kurudi kesho; inapima kurudi baada ya chai.

Wanaotazama siku ya kwanza

Wanaotegemea siku ya kwanza wana hoja nzito. Kwanza ni kasi: mabadiliko yaliyotolewa Jumatatu hupata jibu mwishoni mwa wiki, ilhali wiki ya nne hudai mwezi mzima, na kwa kampuni changa mwezi ni mishahara ya watu. Pili, siku ya kwanza iko karibu na mambo ambayo timu inayashika mikononi: usajili wenye hatua nyingi, ujumbe wa namba ya siri usiofika, skrini ya kwanza isiyoeleza chochote, faili zito linalomaliza bando la mtumiaji kabla hajafanya kitu. Mtu anapokosa kurudi siku ya kwanza, sababu kwa kawaida ipo ndani ya dakika chache alizokaa, na inaweza kutafutwa.

Wana ushahidi pia. Mwaka 2015 Andrew Chen, mwandishi na mwekezaji wa teknolojia nchini Marekani, alichapisha michoro iliyotengenezwa kwa data za kampuni ya Quettra kuhusu programu za Android. Programu ya wastani ilipoteza asilimia 77 ya watumiaji wake wa kila siku ndani ya siku 3 za mwanzo, na asilimia 90 ndani ya siku 30. Zaidi ya hapo, mistari ya programu bora na ya zile dhaifu ilishuka kwa mwendo unaofanana baada ya siku za mwanzo. Tofauti kubwa ilikuwa mahali ilipoanzia. Wengi walihitimisha kwamba mtu hushinda au hupoteza vita siku ya kwanza, na kwamba anayeinua mwanzo ameinua mstari wote.

Hitimisho hilo linakwenda mbali kuliko ushahidi. Michoro ile ililinganisha programu mbalimbali, na programu inayowafaa watu kwa kawaida huwavutia siku ya kwanza na kuwashika mwezi mzima kwa sababu ileile moja. Hilo halithibitishi kwamba ndani ya programu moja, kuinua siku ya kwanza kutainua wiki ya nne. Timu inaweza kuahidi zawadi ya bando kwa atakayerudi kesho, na namba ya siku ya kwanza itaruka. Waliofuata bando wataondoka likiisha, na wiki ya nne itabaki palepale. Siku ya kwanza ina udhaifu huu wa asili: hupima ahadi na udadisi kwa pamoja, wala haina njia ya kuvitenganisha.

Wanaotazama wiki ya nne

Upande wa pili husema kwamba kwa wiki ya nne udadisi umekwisha, zawadi za kukaribisha zimekwisha, na mtu anayeendelea kufungua programu ameipa nafasi katika maisha yake. Dirisha la siku saba lina haki pia kwa programu zisizo za kila siku. Mtu anayeangalia ratiba ya ibada kila Jumapili atakosa siku ya kwanza isipokuwa awe ameanza Jumamosi, lakini ataonekana kila wiki bila kukosa. Ndiyo maana programu ya matumizi ya kila wiki inaweza kuwa na namba ya wiki ya nne iliyo kubwa kuliko ya siku ya kwanza. Wasiojua huliona hilo kuwa kosa la hesabu, kumbe siku moja imelinganishwa na siku saba. Anayetaka kuona watu wanavyopungua kwa kipimo kimoja alinganishe wiki ya kwanza na wiki ya nne, dirisha la upana uleule.

Udhaifu wa wiki ya nne si ucheleweshaji peke yake. Wiki hiyo inaweza kugongana na kalenda ya pesa. Rika lililoanza tarehe 1 litafika siku ya 22 hadi ya 28 kati ya tarehe 23 na 29, ambapo mishahara ya wengi inaingia. Rika lililoanza tarehe 10 litakutana na siku za mwanzo wa mwezi unaofuata, baada ya kodi na madeni kulipwa. Kwa programu ya kulipia bili, tofauti ya marika hayo mawili inaweza kuwa tofauti ya tarehe tu. Mfano mkali zaidi ni programu za mikopo midogo ambazo zimeenea Kenya na Tanzania. Mkopo wa siku 30 unapokaribia kuiva, mkopaji hufungua programu kwa sababu ya ukumbusho wa deni. Wiki ya nne itang'aa, lakini kinachoonekana ni wajibu wa kulipa. Kipimo cha haki hapo ni kuona nani amerudi kukopa baada ya kulipa, na hilo hutokea nje ya mwezi wa kwanza.

Kuna pia suala la nani anahesabiwa kuwa mtu. Katika Google Analytics kwa Firebase, tukio la `first_open` hurekodiwa mtu anapofungua programu mara ya kwanza baada ya kuisakinisha, na vilevile baada ya kuifuta na kuisakinisha upya. Kwenye simu zenye hifadhi ndogo watu hufuta programu kupisha picha na video, kisha huirudisha wakiihitaji. Bila akaunti au namba ya simu inayomtambulisha, mtu huyo atahesabiwa mara mbili: kwanza kama aliyepotea katika rika la zamani, kisha kama mgeni katika rika jipya. Wiki ya nne itamwona mteja mwaminifu kama watu wawili wasioaminika.

Mfano: daftari la duka

Tuchukue programu ya kubuni ambayo wenye maduka huandikia mauzo na madeni ya wateja. Namba zake nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Matumizi yake ya asili ni ya kila siku, kwa hiyo siku ya kwanza na wiki ya nne zote zina maana kwake. Rika la Aprili lina watu 1,000: 800 wameambiwa na wenye maduka wenzao, 200 wameletwa na matangazo ya mtandaoni. Waliorudi siku ya kwanza ni 400, yaani asilimia 40. Walioonekana wiki ya nne ni 168, karibu asilimia 17. Mwezi Mei timu inafupisha usajili na kuongeza matangazo. Rika la Juni lina watu 3,000, siku ya kwanza wamerudi 1,000, asilimia 33, na wiki ya nne wapo 280, asilimia 9. Anayesoma dashibodi hapa atasema usajili mpya umeharibu programu na urudishwe ule wa zamani.

Sasa tugawe kila rika kwa njia iliyowaleta watu. Aprili, wa kuambiwa walirudi 360 kati ya 800 siku ya kwanza, asilimia 45. Wa matangazo walirudi 40 kati ya 200, asilimia 20. Juni, wa kuambiwa ni 500 kati ya 1,000, asilimia 50; wa matangazo ni 500 kati ya 2,000, asilimia 25. Kila kundi limepanda kwa pointi 5, ilhali jumla imeshuka kwa karibu 7. Hakuna muujiza. Kundi lenye kiwango cha chini lilikuwa moja ya tano ya rika, sasa ni theluthi mbili, na uzito wake umeivuta jumla chini. Usajili mpya ulifanya kazi yake. Anayeurudisha ule wa zamani kwa kutazama jumla ataadhibu mabadiliko yaliyofaulu.

Wiki ya nne inatoa somo jingine. Aprili, wa kuambiwa walikuwapo 160 kati ya 800, asilimia 20. Juni ni 200 kati ya 1,000, asilimia 20 ileile. Wa matangazo walikuwa 8 kati ya 200, asilimia 4. Juni ni 80 kati ya 2,000, asilimia 4 tena. Kuinuka kwa siku ya kwanza hakukufika wiki ya nne katika kundi lolote. Usajili mfupi uliwapitisha mlangoni watu ambao baadaye hawakuona haja ya daftari, na waliokuwa na haja walikuwa tayari kuvumilia hata usajili mrefu. Siku ya kwanza imesema kweli kuhusu mlango, wiki ya nne imesema kweli kuhusu nyumba.

Hapa mtetezi wa matangazo atasema kwamba asilimia hazilipi kodi ya ofisi: watu waliobaki wamepanda kutoka 168 hadi 280, na hiyo ni faida. Hoja hiyo ina uzito, ila ijibiwe kwa gharama. Kati ya watu 25 wa matangazo, mmoja ndiye aliyepo wiki ya nne. Kama kumleta mmoja kunagharimu shilingi 1,000, aliyebaki amegharimu 25,000, na swali linakuwa kama ataingiza zaidi ya hapo kabla hajaondoka. Jibu linategemea wiki zinazofuata. Tuseme wiki ya nane wa kuambiwa wamebaki 190 kati ya wale 200, na wa matangazo wamebaki 35 kati ya 80. Kundi la kwanza limetulia. La pili bado linaporomoka, na 25,000 ile inaelekea zaidi ya 57,000 kwa kila anayebaki.

Kuvipima vipimo vyenyewe

Mfano huu unaonyesha kwa nini naipa wiki ya nne kiti cha hukumu, na kwa nini siiruhusu ikikalie peke yake. Nukta moja haiwezi kuonyesha kama mstari umetulia au bado unashuka. Asilimia 20 inayobaki 19 baada ya mwezi mwingine ni habari njema kuliko asilimia 30 inayokuwa 15. Kwa hiyo swali la kwanza kwa jedwali la marika liwe kama mstari unalala popote juu ya sifuri. Na rika lisilofikisha siku zake lisiwekwe kwenye wastani: watu walioanza siku kumi zilizopita hawajashindwa wiki ya nne, hawajaifikia.

Kuna pingamizi la kitaalamu dhidi ya kutukuza mstari uliolala. Mwaka 2007 watafiti wa masoko Peter Fader na Bruce Hardie walionyesha kwamba kiwango cha kubaki cha kundi hupanda kadiri muda unavyokwenda hata pale ambapo hakuna mteja aliyebadilika. Wenye mwelekeo wa kuondoka huondoka mapema, na wanaosalia ni wale waliokuwa wagumu kuondoka tangu mwanzo. Pingamizi hilo ni sahihi, na linakataza dai moja linalopendwa: kwamba mstari unatulia kwa sababu programu imewajengea watu mazoea. Halikatazi dai dogo ninalolihitaji, kwamba lipo kundi ambalo programu hii inalifaa. Anayetaka kuthibitisha kuwa programu yenyewe imeboreka hatazami mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Atashuka chini kwenye safu ya wiki ya nne, kutoka rika hadi rika, njia ya kuja ikiwa ileile.

Katika kushuka huko ukubwa wa rika una neno. Kundi la watu 200 lenye kiwango cha asilimia 10 lina nafasi ya kuyumba, kwa bahati tu, kati ya takriban 6 na 14. Timu inayosherehekea kutoka 9 hadi 12 kwa kundi kama hilo inasherehekea kelele. Siku ya kwanza huponea kidogo hapa kwa sababu inaweza kukusanya marika mengi ya kila siku kwa haraka, na hiyo ni sababu ya haki ya kuitumia kwa majaribio madogo madogo, mradi matokeo yake yaitwe kwa jina lake: uboreshaji wa mapokezi.

Mwisho ni tendo linalohesabiwa. Vifaa vingi humhesabu mtu kuwa hai kwa kuonekana tu. Katika Google Analytics, programu kuwa mbele ya skrini kwa sekunde moja hutosha kurekodi `user_engagement`. Aliyebonyeza arifa kwa bahati mbaya akafunga papo hapo anaweza kuingia kwenye kundi moja na aliyeandika mauzo ya siku nzima. Kwa daftari la duka, tendo la haki ni kuandika mauzo angalau mara moja. Namba itashuka, pengine sana, lakini itakuwa namba inayoweza kutetewa. Kama arifa ni nyingi, wachache wachaguliwe kwa bahati nasibu wasitumiwe arifa kwa mwezi mmoja. Tofauti kati yao na wengine ndiyo sehemu ya kurudi inayoletwa na arifa.

Wapo wanaosema vipimo vyote viwili vitupwe na mapato yashike nafasi yake. Kwa programu inayouza, mapato ni ya lazima, lakini huchelewa kuliko hata wiki ya nne, na wachache wanaolipa sana wanaweza kuficha kuondoka kwa wengi. Wengine husema programu nyingine hazikusudiwi kudumu: aliyepata kazi hana haja na programu ya kutafuta kazi. Hao wana haki, na kwao kipimo ni kazi kukamilika. Lakini mwenye programu atamke hilo kabla ya kuona namba. Akilitamka baada ya namba kuwa mbaya, hiyo ni kinga na si kipimo.

Kwa muhtasari

Siku ya kwanza huja haraka, hutumia data nyingi na huonyesha vikwazo vya mlangoni, ila hudanganywa na zawadi, udadisi na saa za seva. Wiki ya nne huonyesha kama programu imepata nafasi katika maisha ya mtu, ila huchelewa, hugongana na kalenda ya pesa na huhesabu wajibu kama upendeleo. Anayesoma zote mbili aanze na fasili: dirisha gani, saa za wapi, tendo gani, mtu anatambuliwaje. Kisha agawe rika kwa njia ya kuja, aache marika ambayo hayajakomaa, na atazame kama kila kundi linatulia kati ya wiki ya nne na ya nane. Wiki ya nne ikiwa imara na siku ya kwanza dhaifu, programu ina thamani na mlango mbovu, na kurekebisha mlango ni kazi rahisi kuliko zote. Siku ya kwanza ikiwa nzuri na wiki ya nne ikielekea sifuri katika kila kundi, programu hiyo inapokea wageni tu, na fedha zaidi za matangazo zitaongeza idadi ya wanaoondoka.